Masikio ya Mbwa wa Ufukweni na Mbweha wa Novosibirsk

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa hapa hapa Malindi, alinyoosha mkono wakati nikiwa katikati ya somo la uteuzi, yaani kuchagua wanyama wa kuzaliana kwa sifa fulani. Ubaoni nilikuwa nimechora mbweha wawili: mmoja masikio wima, mwingine masikio yamelala na paji la uso lina doa jeupe. Chini yake nilikuwa nimeandika kwamba mbweha wakichaguliwa kwa upole peke yake, masikio hulala, mkia hujikunja na manyoya huota mabaka. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha miaka yote.

"Mwalimu," akasema, "mbwa wa kwetu masikio yamelala, na ni mkali kuliko mbwa wote wa mtaa. Wale wa ufukweni kwa wavuvi masikio yamesimama, na wanakuja mpaka miguuni. Sasa upole uko wapi?"

Nilimjibu kijuujuu, kwamba mbwa mmoja mmoja hawezi kuvunja kanuni. Jibu lile halikunitoka moyoni. Nilirudi nyumbani nikatafuta takwimu zenyewe za jaribio la mbweha wa Novosibirsk, si hadithi inayosimuliwa juu yake, na tangu siku hiyo sifundishi tena vile. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa.

Kwanza tusafishe maneno, maana Kiswahili chetu kina mtego hapa. Tukisema mbwa mwitu, mtu wa Pwani anamwona yule mnyama wa mabaka wa Tsavo, mwenye masikio makubwa ya mviringo. Huyo hakuzaa mbwa. Ni wa jenasi nyingine kabisa, hapandani na mbwa wa nyumbani akapata watoto, na ukitaka alama ya haraka, mtazame miguu ya mbele: ana vidole vinne. Mbwa wa nyumbani ana cha tano, kile kidogo kilichoning'inia upande wa ndani kisichogusa ardhi. Aliyezaa mbwa ni mbwa mwitu wa kijivu, wa nchi za baridi za Ulaya na Asia. Hata huyo, si wale tunaowaona leo. Jeni zinaonyesha kwamba mbwa walitoka katika kundi la kale la mbwa mwitu wa kijivu ambalo lenyewe limeshatoweka. Hawa wa sasa ni binamu, si mababu.

Neno la pili ni kufuga. Mtu akiokota kinda la mnyama porini akalilea kwa chupa mpaka likamfuata, mnyama huyo amezoea. Akizaa, watoto wake watakuwa wa porini kama bibi yao, na kazi itaanza upya. Mnyama aliyefugika ni yule ambaye ukoo wake umebadilika, anazaliwa akiwa tayari nusu ya njia kuja kwako. Tofauti hiyo kati ya kuzoea na kufugika ndiyo aliyotaka kuipima Dmitri Belyaev.

Belyaev alikuwa mwanajenetiki wa Kirusi. Mwaka 1948 sayansi ya jenetiki ilipopigwa marufuku katika Umoja wa Kisovieti, alipoteza kazi yake kwa sababu ya kuitetea. Baadaye alipata nafasi Novosibirsk, huko Saiberia, na mwaka 1959 akaanza jaribio ambalo halijasimama mpaka leo. Alichagua mbweha wa fedha, wale wanaofugwa kwenye vizimba kwa ajili ya manyoya. Wa kwanza walikuwa madume 30 na majike 100, wengi wao kutoka shamba la manyoya la Estonia. Aliyesimamia kazi siku kwa siku, tangu akiwa msichana aliyetoka chuo hadi uzee wake, alikuwa Lyudmila Trut. Belyaev alifariki mwaka 1985, na Trut akaendelea na kazi kwa miongo mingine.

Kipimo chao kilikuwa rahisi hata mtoto angekielewa. Kila mwezi, kuanzia kinda akiwa na umri wa mwezi mmoja, mtu alimsogezea chakula kwa mkono huku akijaribu kumpapasa na kumshika. Hapakuwa na mafunzo. Wala hawakuruhusiwa kukaa na watu kwa muda mrefu, maana hapo wangezoea, na waliotafutwa si waliozoea. Mbweha alipokaribia kukomaa, kwenye mwezi wa saba au wa nane, aliwekwa daraja. Daraja la tatu ni anayekimbia au kung'ata akiguswa. La pili anakubali kuguswa lakini moyo wake haupo. La kwanza anatikisa mkia na kulia kwa kubembeleza. Kufikia kizazi cha sita ilibidi waongeze daraja la juu zaidi, kwa sababu walianza kutokea makinda wanaomkimbilia mtu wenyewe, wakimnusa na kumramba kama watoto wa mbwa.

Katika kila kizazi, madume walioruhusiwa kuzaa hawakuzidi watano kati ya mia, na majike takriban ishirini kati ya mia. Mchujo mkali mno. Kwa kizazi cha kumi, makinda 18 kati ya mia walikuwa wa daraja la juu. Kwa kizazi cha ishirini walikuwa 35 kati ya mia. Trut alipoandika muhtasari wa miaka arobaini, mwaka 1999, alisema wamefikia kati ya 70 na 80.

Mwanafunzi mwenye macho atauliza: je, si malezi? Kinda wa mama mpole huiga upole wa mama. Walilifikiria hilo. Tangu miaka ya 1970 walikuwa na ukoo wa pili uliochaguliwa kwa ukali, mbweha ambao ukikaribia kizimba wanaruka na meno yao kwenye waya. Walichukua makinda wa mama wakali wakawapa mama wapole wawalee, hata wakahamisha mimba changa kutoka tumbo la jike mmoja kwenda la mwingine. Waliokuja kutoka ukoo mkali walibaki wakali, kunyonya kwa mama mpole hakukuwasaidia. Hapa ndipo penye nguvu ya jaribio zima, na hapa sina shaka: upole wa kuzaliwa unarithiwa, na ukichaguliwa kwa bidii unakuja haraka kuliko tulivyowahi kudhani.

Sasa turudi kwenye masikio.

Trut alichapisha jedwali linalolinganisha mbweha waliochaguliwa na wale wa kawaida wa shamba. Nililisoma mara tatu usiku ule. Doa jeupe kwenye paji la uso: kati ya mbweha 10,000 wa kawaida, 71 walikuwa nalo; kati ya 10,000 wapole, 1,240. Ongezeko kubwa kweli. Mkia uliojikunja: 83 wakawa 940. Masikio yaliyolala: 17 wakawa 23.

Kumi na saba wakawa ishirini na tatu, katika elfu kumi. Masikio niliyoyachora ubaoni kila mwaka, na yanayochorwa katika kila kitabu na kila video, ndiyo mabadiliko madogo kuliko yote katika jedwali lile. Mbweha wa Novosibirsk, karibu wote, wana masikio wima. Wanapigwa picha wale wachache kwa sababu wanavutia, na picha ikaigeuza nadra kuwa kanuni.

Tazama tena hesabu ile ya doa jeupe. Hata baada ya vizazi vyote vile, mbweha karibu 88 kati ya mia wapole hawana doa. Na kabla ya kuchaguliwa, 71 kati ya 10,000 walikuwa nalo tayari. Kwa hiyo doa halikuzuka. Lilikuwapo kwenye shamba, likaongezeka.

Lilitoka wapi? Jibu liko Kanada. Ufugaji wa mbweha wa fedha ulianza kwenye Kisiwa cha Prince Edward mwishoni mwa karne ya 19, na mbweha wa mashamba ya Kisovieti wanatokana na ukoo huo. Mwaka 2019 kundi la watafiti lilifufua picha za zamani za mashamba ya Kanada, za miaka mingi kabla ya 1959, zinazoonyesha mbweha wenye mabaka meupe, na wengine wakipakatwa na watu. Wafugaji wale walikuwa wamepita nusu karne wakiondoa wanyama wenye hofu kupita kiasi, kwa sababu mbweha mwenye hofu hazai vizuri na huwaua makinda wake. Belyaev hakuanza na mnyama wa porini. Alianza na mnyama aliyekwishakwenda sehemu ya safari.

Wapo wanaosema basi jaribio limeanguka. Mimi sisemi hivyo. Kinachoanguka ni ile sentensi ya ubaoni, kwamba upole ulizaa mabaka kutoka kwenye mnyama asiyekuwa nayo. Ongezeko la doa na la mkia bado linadai maelezo. Trut na wenzake walijihadhari wasiozeshe ndugu kwa ndugu, ili mtu asiseme mabaka yametokana na ukaribu wa damu, ingawa katika kundi dogo lililochujwa kwa ukali namna ile, tabia fulani zinaweza kupanda kwa bahati tu.

Maelezo yanayopendwa zaidi yalitolewa na watafiti mwaka 2014, na ni mazuri hata kama hayajathibitika. Kiinitete cha mnyama kinapoanza kuumbika, mgongoni pake hutokea ukanda wa seli zinazohama. Zinasafiri kushuka mbavuni, kwenda mbele usoni, kwenda miguuni. Zikifika, baadhi huwa seli za rangi ya ngozi na manyoya, baadhi husaidia kuunda taya na gegedu la masikio, na nyingine huunda sehemu ya ndani ya tezi zilizo juu ya figo, ile inayomwaga adrenalini mnyama anaposhtuka. Hoja yao ni hii: ukichagua wanyama wasioshtuka haraka, huenda bila kujua unachagua wale ambao seli hizi zilikuwa chache au zilichelewa safarini. Na zikichelewa, zinakosa kufika mbali. Mbali na mgongo ni wapi? Ni paji la uso, kifua, tumbo, vidole, ncha ya mkia. Mtazame mbwa koko yeyote wa Malindi mwenye weupe, uone weupe umeanzia wapi.

Nilimtazama mmoja hivyo. Mjomba wangu ni mvuvi, na asubuhi za Jumamosi huwa nashuka kwake ufukweni mashua zikirudi. Mama karanga, wale wakaanga samaki, wanakuwa wameshafika na ndoo zao, matajiri wanapigia samaki bei, na vijana wanapaa tafi na changu pembeni ya maji. Utumbo unatupwa. Mbwa wanasimama kwa tabaka. Kuna jike mmoja wa kahawia anayesimama hatua tatu kutoka kwenye kisu. Nyuma yake wawili, kama hatua kumi. Kisha mmoja mwembamba, mweusi, yuko juu kwenye majani, na mtu akiinua mkono tu anapotea. Yule wa hatua tatu ananenepa. Yule wa kwenye majani anakula kilichobakizwa na kunguru.

Wataalamu wengi wameeleza mwanzo wa mbwa kwa picha kama hii: mbwa mwitu wa kijivu wenye hofu kidogo walisogelea mabaki ya watu, wakala vizuri, wakazaa zaidi, na hapakuwa na Belyaev wa kuwachagua isipokuwa umbali wenyewe. Picha hiyo ina ukweli wake, na nikisimama pale naiona kwa macho. Lakini ina tatizo la tarehe. Mbwa aliyezikwa pamoja na mwanamume na mwanamke huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, ana umri wa miaka kama 14,000, na wakati huo hapakuwa na kijiji wala shamba wala jaa. Watu walikuwa wawindaji wanaohamahama katika baridi kali. Meno ya mbwa yule, aliyekufa akiwa na umri wa miezi kama saba, yanaonyesha aliugua vibaya kwa wiki kadhaa, ugonjwa ambao asingeupona hata kidogo bila mtu kumlisha na kumtunza. Mtu alikaa na mtoto wa mbwa mgonjwa asiye na kazi yoyote.

Jaa na wanga vilikuja baadaye, na vimeacha alama yao mahali pengine. Mbwa mwitu wa kijivu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuyeyusha wanga kwenye kongosho. Mbwa wengi wanazo kuanzia nne mpaka thelathini. Ndiyo maana mbwa wa kwetu anaishi kwa ukoko wa sima. Ila mbwa wa nchi za barafu na dingo wa Australia wana nakala chache, karibu sawa na za mbwa mwitu, na bado ni mbwa. Kwa hiyo kula makombo ya ugali si kulikomfanya mbwa kuwa mbwa.

Kilichomfanya, kwa maoni yangu, ni saa. Hapa ndipo mbweha wa Novosibirsk wanapotufaa kuliko kwenye masikio. Kila kinda wa jamii ya mbwa ana dirisha la muda ambapo anakutana na kitu kigeni bila hofu. Dirisha likifungwa, kigeni kinakuwa hatari. Kwa mbweha wa kawaida wa shamba, hofu huonekana kwenye wiki ya sita. Kwa waliochaguliwa huchelewa mpaka wiki ya tisa au zaidi, na ile homoni ya mshtuko, kotisoli, nayo inachelewa kupanda katika damu yao. Kwa mbwa mwitu wa kijivu hali ni ngumu zaidi. Watoto wake huanza kutembea na kuchunguza pango wakiwa na wiki mbili, wakati bado hawaoni na hawasikii, wanaijua dunia kwa pua tu. Mtoto wa mbwa huanza kwenye wiki ya nne, masikio yakiwa yanafunguka. Fikiria dirisha la yule wa kwanza linavyopita: sauti ya mtu inapomfikia kwa mara ya kwanza, yeye ameshaanza kufunga mlango. Ndiyo maana anayetaka kumzoesha mbwa mwitu lazima amchukue kabla hajafungua macho na alale naye usiku na mchana. Mbwa anataka vipindi vichache tu vya kukutana na watu, mradi viwe ndani ya dirisha.

Jike wa kahawia alizaa mwezi wa Machi, chini ya mtumbwi uliopinduliwa nyuma ya banda la mjomba. Watoto sita. Nikamwomba mjomba ruhusa ya kuwatazama.

"Shikamoo mjomba. Nataka kuwapima hawa kila Jumamosi, kwa kichwa cha samaki."

"Marahaba. Wapime, lakini usiwaguse, mwanangu. Mama yao hajachanjwa, na wewe unaswali hapa hapa na sisi. Utaanzaje kujiosha mara saba, moja kwa udongo?"

Sikuwagusa. Kwa hiyo kipimo changu ni nusu ya kile cha Trut, na watoto sita hawathibitishi lolote. Wote wana mama mmoja, na mama huyo ndiye anayeziba nafasi baina yao na mimi. Niliketi tu mchangani, hatua mbili kutoka kwenye mtumbwi, nikanyoosha mkono wenye kichwa cha tafi, nikahesabu muda. Wiki ya tano wote sita walitoka, wakajikwaa kwenye kamba, wakaja. Wiki ya saba walikuja wanne. Wiki ya tisa, upepo wa kusi umeshaanza na mchanga unaruka, walikuja wawili, na mmoja wao alisimama nusu ya njia, akabweka sauti ndogo kama mlango usiotiwa mafuta, akarudi chini ya mtumbwi.

Mmoja tu kati ya sita alikuwa na weupe: nyota kifuani na vidole vya miguu ya mbele. Kama ningekuwa bado naamini mchoro wangu, ningetabiri huyo ndiye atakayebaki nami mwisho. Alikuwa wa kwanza kuacha kuja. Wiki ya saba aliniangalia kutoka gizani chini ya mtumbwi, kifua kikimeta, na hakusogea. Aliyekuja mpaka wiki ya tisa, akakitwaa kichwa cha samaki kutoka kwenye vidole vyangu kwa uangalifu mkubwa, alikuwa wa kahawia tupu, masikio wima kama ya mama yake.

Jumatatu nilimweleza mwanafunzi wangu yote haya, na za masikio nikamwandikia ubaoni: 17, kisha 23. Alizitazama kidogo, akaniuliza kama anaweza kuja Jumamosi naye ahesabu.